Dakika Kumi Mara Tatu

Mimi ni mtu ambaye hakuna kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa majirani zangu wa Magomeni, hapa Mtwara, watakwambia najisifu. Shule niliiacha darasa la tano. Nikasukuma mchanga kwa toroli, nikabeba mifuko ya saruji mpaka bega la kulia likashuka kuliko la kushoto, nikanunua mashine moja kuukuu ya kufyatulia matofali, kisha ya pili, kisha lori la Fuso. Leo ukitoka kwangu kwenda Ufukoni, nyumba nyingi mpya unazozipita zimesimama kwa matofali yangu. Nimeona wateja wa kila tabia, nimeona mvua ikiosha kazi ya siku tatu. Nilidhani mambo ya dunia nimeyamaliza.

Kisha mke wangu akanipigia simu kutoka Ujerumani, akaniambia ili nimfuate lazima nifanye mtihani wa Kijerumani.

Mke wangu ni muuguzi. Kwao ni Njombe, serikali ndiyo iliyomleta Mtwara kikazi. Nilikutana naye siku mashine iliponibana kidole. Alinishona nyuzi saba na kuniambia niache kuugulia, kwani kidole si moyo. Nikamwita Sista kama wagonjwa wote, na baada ya ndoa jina likabaki hilohilo. Yeye ananiita Bosi, kwa dhihaka, na dhihaka hiyo sijawahi kuichoka. Hatukujaaliwa mtoto. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, na alipopata nafasi ya kwenda kufanya kazi hospitali moja ya huko wakati cheti chake kikishughulikiwa kitambuliwe, nilimwambia nenda, miaka inapita haraka. Niliongopa. Haipiti haraka. Wiki ya kwanza nilijikuta napika chai ya vikombe viwili kila asubuhi, na cha pili nakimwaga.

"Mtihani gani?" nikamuuliza.

"Wa kwanza kabisa, wa wanaoanza. Kwa kibali nilicho nacho sasa, mume anayenifuata lazima awe na hicho cheti. Bila hicho ubalozini hawapokei faili."

"Sista, mimi Kiswahili chenyewe nakiandika kwa kuviziana nacho."

"Najua. Ndiyo maana nimekutengenezea mpango."

Akanitumia picha ya karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Mtwara hakuna darasa la Kijerumani, na Dar es Salaam nisingeweza kukaa miezi na kuacha kazi, kwa hiyo mpango ulikuwa wa mtu anayesoma peke yake. Miezi sita. Kila siku dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Asubuhi maneno mapya manane, si zaidi. Mchana kusikiliza. Jioni kuandika sentensi tatu na kuzisoma kwa sauti. Jumapili hakuna kipya, ni kurudia ya wiki. Mwezi wa kwanza sauti, salamu, herufi na namba. Wa pili familia, chakula na vitenzi vya kila siku. Wa tatu saa, tarehe na kununua vitu. Wa nne kuomba, kukubali na kukataa. Wa tano kuandika barua fupi na kujaza fomu. Wa sita kufanya mitihani ya mazoezi kwa kutazama saa. Chini kabisa alikuwa ameandika: Ukikosa siku moja, usilipize. Endelea na ya leo.

Nilicheka. Dakika kumi? Mimi dakika kumi natumia kunawa mikono. Nikamwambia, "Nitasoma bure, bila kutoa hata senti, maana huu ni mpango wa mtoto wa chekechea."

"Ni mpango wa mtu mwenye kazi," akasema. "Nilisoma hivyohivyo nikiwa zamu za usiku."

Sasa mjue nilivyozoea. Maisha yangu yote nimenunua kwa jumla. Mchanga nanunua kwa lori, saruji kwa tani, hata dagaa mimi sinunui fungu, nanunua ndoo. Nikaona na lugha ni hivyohivyo. Jumatatu hadi Jumamosi nafanya kazi yangu bila usumbufu, halafu Jumapili nikitoka kanisani nafunga mlango wa ofisi, nakaa saa tano mfululizo, nameza maneno mia. Piga hesabu mwenyewe: yeye kwa wiki maneno arobaini na nane, mimi mia. Nitamaliza kwa nusu ya muda na kumshangaza.

Sista akipiga simu na kuuliza, "Leo umefanya zako kumi kumi?" najibu, "Nimefanya mpaka zimebaki." Ukweli nilikuwa sijagusa.

Mwisho wa mwezi wa pili nilijihesabia maneno mia nane. Yalikuwa yameandikwa kwenye daftari, kwa hiyo nikayahesabu kama mtu anavyohesabu matofali yaliyopangwa: yapo, ni yangu. Nikajiandikisha mtihani Dar bila kumwambia. Nilitaka apokee tu picha ya cheti akiwa kazini, aangushe sinia.

Mtihani huo una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Katika kusikiliza kuna matangazo yanayopigwa mara moja tu, kama ya stesheni au dukani, ukikosa umekosa. Nilikosa yote. Sauti ilitiririka kama maji ya bomba, nami nilikuwa nimezoea kuyaona maneno yamelala kwenye daftari, sikuwahi kuyasikia yakikimbia. Kwenye kuandika walitaka ujumbe wa maneno kama thelathini kwa rafiki. Niliandika tisa, na mengine nadhani yalikuwa ya Kimakonde. Kwenye kuongea tuliingia wanne pamoja, watatu vijana wanaokwenda kusoma. Nilipotakiwa kujitambulisha nilisema jina langu, nikasema natoka Tanzania, nikanyamaza. Msimamizi, mama mpole sana, akasubiri. Mimi niliyewahi kumfokea mkandarasi mbele ya mafundi wake ishirini, nikawa natazama kidole changu chenye kovu.

Ili upite unahitaji alama sitini kati ya mia. Mimi nilipata thelathini na nne.

Sikumwambia. Siku hiyo aliponipigia alikuwa na furaha, ameonyeshwa vyumba viwili vya kupanga, kimoja kina baraza dogo. Akasema, "Nimekiulizia hicho chenye baraza, maana wewe huwezi kunywa chai ndani. Mwenye nyumba amekubali kusubiri hadi majira ya kiangazi." Nikasema ni vizuri. Akasema, "Bosi, una mafua?" Nikasema vumbi la saruji.

Aliyeniamsha ni mama anayemwagilia matofali yangu. Ni mtu wa Kitaya, kijiji cha kando ya mto Ruvuma, wazee wake walivuka kutoka ng'ambo ya Msumbiji, na amefanya kazi kwangu miaka mingi kuliko mashine zote mbili. Haniogopi hata kidogo. Tofali la saruji, kwa asiyejua, halikauki kwa kuachwa juani. Likitoka kwenye mashine linalala, kesho yake linaanza kumwagiliwa maji asubuhi na jioni, na jua likiwa kali na mchana pia, siku saba bila kuruka hata moja. Ni maji hayo yanayolikomaza. Ukiruka, kwa macho hutaona tofauti, ila likipandishwa ukutani linamong'onyoka.

Jumapili moja baada ya mtihani alikuja kumwagilia na kunikuta nimekaa na daftari kubwa, uso umevimba.

"Unasoma tena, mzee?"

"Nasoma."

"Wiki nzima sijakuona unasoma."

"Nimeweka kiporo. Leo nafanya yote."

Akaweka ndoo chini. "Mwaka juzi yule kijana wako wa zamu aliacha kumwagilia siku sita, siku ya saba akafungulia mpira wa maji kutwa nzima. Ulimfanya nini?"

"Nilimfukuza."

"Ulisemaje?"

Nilikumbuka nilichosema, na hakiandikiki. Kwa kifupi, nilimwuliza kama yeye mwenyewe angekunywa maji ya wiki siku moja.

"Basi," akasema, akainua ndoo yake. "Mimi Kijerumani sikijui. Tofali nalijua." Akaenda zake kumwagilia, na mpaka anamaliza safu ya mwisho hakunitazama.

Mimi sifundishwi kazi na mtu yeyote, lakini hapo nilifundishwa kazi yangu mwenyewe.

Jioni ile nikampigia Sista. Nikamwambia, "Ninataka kuanza upya mpango wako. Siku ya kwanza, mwezi wa kwanza."

"Na miezi miwili iliyopita?"

"Ilikuwa ya Bosi. Hii itakuwa yako."

"Baraza halitatusubiri, unajua."

"Najua."

"Haya," akasema. "Kesho asubuhi. Manane tu. Ukiongeza la tisa nitajua."

Nikaufunga mpango wake kwenye maji ya matofali. Asubuhi mama wa Kitaya akianza safu ya kwanza, nami naanza maneno manane, akimaliza, nimemaliza. Mchana vivyo hivyo, jioni vivyo hivyo. Kadi nilikata kutoka mifuko mitupu ya saruji, karatasi ya ndani iliyo safi, upande mmoja Kijerumani, wa pili Kiswahili. Wajerumani kila jina la kitu wamelipa kitangulizi chake, *der*, *die* au *das*, na hakuna mantiki ya kukusaidia, unalishika pamoja na neno lenyewe kama mtu na jina la baba yake. Sista aliniambia nitumie rangi: buluu, nyekundu, kijani. Mpaka leo nikifikiria meza naiona ya buluu, taa nyekundu, nyumba kijani.

Kadi zilikaa kwenye boksi la biskuti nililoligawa vyumba vitano. Neno jipya chumba cha kwanza, linaulizwa kila siku. Ukilijua, linahamia cha pili, linaulizwa baada ya siku mbili. Kisha cha tatu, baada ya siku nne. Na kuendelea, hadi cha mwisho linaulizwa mara moja kwa mwezi. Ukilikosea popote, linarudi cha kwanza bila huruma. Kuna neno moja, *die Entschuldigung*, samahani, lilirudi chumba cha kwanza mara kumi na moja. Nilipomwambia Sista alicheka mpaka akakohoa. "Hilo hata kwa Kiswahili hujawahi kulishika," akasema.

Mchana nilimsikiliza yeye. Kila jioni alinirekodia sauti ya dakika mbili: mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa mwendo wa kawaida. Hakunisomea vitabu. Alinieleza siku yake. Ameamka saa ngapi, basi limechelewa, bibi mmoja wodini hataki supu, mvua inanyesha, amenunua viazi. Mpango ulisema nisikilize mara tatu: ya kwanza nisiandike, ya pili niandike maneno ninayoyatambua, ya tatu nirudie naye kwa sauti. Nilisikiliza mara kumi. Dakika zangu kumi za mchana zilikuwa zinavuja, nakiri, lakini hilo si kosa la mpango. Kwa njia hiyo nilijua maisha yake ya huko kuliko nilivyoyajua tulipokuwa tunaongea Kiswahili, maana kwa Kiswahili husema tu "nipo salama." Kwa Kijerumani cha mwanafunzi huwezi kuficha, unayo maneno machache, lazima useme mambo yenyewe. Siku moja alisema, polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida: *Heute bin ich müde. Die Wohnung ist still.* Leo nimechoka. Nyumba iko kimya. Niliirudia naye mara ya tatu kama mpango unavyotaka, kisha nikairudia tena nje ya mpango.

Wafanyakazi walinitania wee. Nikipita wanapanga mdomo wa kupiga mluzi, kwa sababu waliniona nafanya mazoezi ya ile *ü*: unasema "i" lakini midomo unaiweka kama unasema "u." Fundi wa mashine akaniuliza, "Bosi, huko unakokwenda wanabusiana kwanza ndipo waongee?" Lakini mwezi wa pili nikasikia wanahesabu matofali wakiyapakia kwenye Fuso, *eins, zwei, drei*, na walipofika ishirini na moja wakagombana, kwa kuwa Wajerumani wanaanza na moja kisha ishirini. Mama wa Kitaya ndiye aliyewasahihisha. Alikuwa amenisikia kila asubuhi.

Kikwazo changu kilikuwa jioni, kuandika. Hapa nitasema jambo ambalo sijalisema kwa watu. Risiti zangu zote anaandika karani. Mimi natia sahihi. Barua kwa Sista sijawahi kuandika hata moja, napiga simu. Mkono wangu umezoea koleo, ukishika kalamu unaikaba. Sentensi tatu zilinichukua nusu saa, nikawa nazikwepa, nikawa namwambia nimeziandika na nimesahau kuzipiga picha.

Siku ya nne ya kusahau, akasema, "Bosi, ninajua."

"Unajua nini?"

"Tangu tunachumbiana ninajua. Ulinipa kadi ya Krismasi yenye mwandiko wa karani wako. Mwandiko wa msichana, vikopa juu ya herufi i. Nilikaribia kukuacha."

Nikaweka kalamu chini.

"Andika moja," akasema. "Acha tatu. Moja kila jioni kwa wiki mbili. Ikiwa na makosa nitumie na makosa yake."

Jioni hiyo nikaandika: *Ich trinke Tee allein.* Nakunywa chai peke yangu. Maneno manne, hakuna kosa. Nikapiga picha, nikatuma. Hakujibu kwa maneno, alituma picha ya kikombe chake. Baada ya wiki mbili nikarudi kwenye tatu, na mwezi wa tano nilikuwa naandika zile barua fupi: kumshukuru rafiki kwa mwaliko, kusema siwezi kuja, kwa nini, na lini nitaweza. Barua tatu za kwanza nilimwandikia yeye. Zote zilisema siwezi kuja. Ya nne nilibadilisha.

Nilikosa siku, sitadanganya. Msimu wa korosho watu wanapata fedha, kila mtu anataka tofali, kuna wiki nilikosa siku mbili. Zamani ningelipiza Jumapili. Sikulipiza. Niliendelea na ya siku hiyo. Hiyo sheria ndogo ya chini ya karatasi ilikuwa ngumu kwangu kuliko *der, die, das*.

Mwezi wa sita nilifanya mitihani ya mazoezi minne, simu imewekwa saa, mama wa Kitaya amezuia watu mlangoni kwa ndoo yake. Wa kwanza nilipata hamsini na tano. Wa mwisho, sabini na nane.

Dar nilirudi kwenye chumba kilekile, na msimamizi alikuwa yuleyule mama mpole. Alinikumbuka, nikaona kwenye macho, ila hakusema. Tangazo lililopigwa mara moja lilisema treni imechelewa, na nililipokea kama habari ya nyumbani, kwa sababu Sista kila wiki kuna chombo kimemchelewesha. Kwenye kuongea tulikuwa tena wanne. Nilisema jina, umri, ninakotoka, ninakoishi, lugha zangu tatu, kazi yangu, na ninachopenda. Kwenye kupenda niliambiwa vijana husema mpira. Mimi nilisema napenda kunywa chai na mke wangu. Kisha nikachota kadi ya mada ya kazi, nikamwuliza binti wa pembeni anafanya kazi wapi. Nikachota kadi ya picha ya kikombe, nikamwomba kwa adabu anipe kikombe. Akasema *bitte*, yaani karibu, kama ipasavyo, nasi sote tukaangalia mezani kana kwamba kikombe kipo.

Matokeo yalikuja nikiwa nyumbani. Sabini na moja. Kuandika kulinivuta chini, kuongea kukanibeba. Nilimtumia picha, kisha nikakaa na simu mkononi. Ilikuwa saa yake ya mapumziko. Akapiga.

Alilia kidogo, akacheka, akasema chumba chenye baraza kilishachukuliwa lakini kuna kingine, ghorofa ya chini, mlango wa nyuma unafunguka kwenye nyasi, chai itanyweka. Akasema kesho nianze kukusanya makaratasi ya ubalozi. Kisha akasema, "Na wewe ulisema utasoma bure, bila kutoa hata senti."

"Nilisema."

"Imekugharimu kiasi gani?"

Nilikuwa na jibu zuri, la nusu, lenye mtihani mmoja tu. Lakini miezi sita nilikuwa nimemzoea akisema mambo yenyewe.

"Sista," nikasema, "nilifanya mtihani mara mbili. Ule wa kwanza nilikuficha. Nilipata thelathini na nne."

Nilisikia magari ya huko yakipita.

"Yale mafua," akasema.

"Yale mafua. *Entschuldigung.*"

"Umelishika," akasema taratibu. "Haya, nitajie yote. Na ile ya mafua uiweke ndani."

Nikamtajia: mitihani miwili, basi la kwenda na kurudi mara mbili, vyumba vya wageni, kitabu na kalamu za rangi, na vifurushi vya simu vya miezi yote minane. Shilingi laki tisa, elfu sitini na tatu na mia tano, ya mafua ikiwa ndani.